Kijani nne mkononi na bado unashindwa: kuchagua neno linalogawa mabaki

*Katika ule mchezo wa kukisia neno la herufi tano kwa majaribio sita, nilianza na BARUA, B ikawa njano na A zote mbili kijani. Nikaandika KAMBA, nikapata kijani nne kwenye jaribio la pili, nikajua nimemaliza. Nikaenda PAMBA, MAMBA, GAMBA, TAMBA, yote yakakataa. Jibu lilikuwa NAMBA. Ni bahati mbaya tu, au kuna mahali nilikosea? Na nyinyi mnaosema "chagua neno linalogawa", mnagawa nini hasa?*

Bahati ilikuwemo, lakini uliipa nafasi kubwa kuliko ilivyostahili. Kijani ni herufi iliyo mahali pake, njano ni herufi iliyomo lakini mahali pengine, kijivu ni ile isiyomo. Hebu turudi pale ulipoona kijani nne. Nafasi ya kwanza ilikuwa wazi, nne zilizobaki ni AMBA, na herufi B, R, U na K umeshajua hazikai pale mbele. Nikiandika maneno ya kawaida yanayotimiza hayo napata sita: pamba, mamba, namba, gamba, tamba na lamba. Majaribio uliyobakiwa nayo yalikuwa manne. Kwa kuyataja moja baada ya jingine, ungeyafikia manne tu kati ya sita, kwa hiyo theluthi ya mchezo ulikuwa umeiachia kushindwa kabla hujagusa kibodi. Rangi ya kijani ndiyo iliyokudanganya. Nne kati ya tano zinaonekana kama umbali mfupi, ilhali umbali wa kweli haupimwi kwa herufi ulizopata bali kwa maneno ambayo bado yanawezekana.

Hayo ndiyo yanayogawanywa. Chukua neno lolote unalotaka kuliandika, kisha jiulize kwa kila neno lililobaki: kama hili ndilo jibu, nitarudishiwa rangi zipi? Maneno yanayorudisha rangi zilezile yako katika fungu moja, kwa sababu baada ya kucheza hutaweza kuyatofautisha. Ukishaona rangi, unabaki na fungu moja tu, mengine yote yanatupwa. Neno zuri basi ni lile linalovunja mabaki kuwa mafungu mengi madogo. Neno baya ni lile linaloacha karibu yote katika rundo moja.

Tazama PAMBA ulipoiandika kwenye jaribio la tatu. Kama jibu ni pamba, umemaliza. Kama ni lolote kati ya yale matano mengine, unarudishiwa picha ileile: P kijivu, AMBA kijani. Mafungu mawili, moja lenye neno moja na jingine lenye maneno matano. Umetumia jaribio zima kuuliza swali la neno moja tu. Herufi nne kati ya tano ulizoziandika ulikuwa unazijua tayari, na herufi unayoijua haikuletei habari yoyote.

Sasa jaribu kuandika PENGO mahali pale. Haiwezi kuwa jibu, haina hata A, na mtu anayekutazama atafikiri umechanganyikiwa. Lakini ndani yake mna P, N na G, herufi tatu kati ya zile zinazogombania nafasi ya kwanza. P ikitoka kijani, jibu ni pamba. N ikitoka njano, ni namba. G ikitoka njano, ni gamba. Zote zikiwa kijivu, zimebaki mamba, tamba na lamba. Kwa swali moja umepata mafungu manne badala ya mawili, na kwa jibu la siku ile ungemaliza kwenye jaribio la nne. Hata kama yangebaki yale matatu, una majaribio matatu ya kuyataja yote. Kushindwa kungekuwa kumetoka kabisa kwenye hesabu.

Mimi neno la namna hii naliita neno la mchujo. Unalicheza ukijua si jibu, ili ulipie jaribio moja na kununua uhakika. Watu wengi hulikataa kwa hisia tu, wanaona kama wanatupa nafasi ya kupatia. Nafasi yenyewe ilikuwa moja kwa sita.

Swali la haki linalofuata ni lini mchujo unalipa na lini ni hasara. Hesabu yake ni fupi. Yakibaki maneno mawili, taja moja. Utamaliza mara moja au kwa jaribio la pili, na hakuna mchujo unaoshinda hilo. Yakibaki matatu yanayofanana kama mamba, tamba na lamba, ukiyataja moja moja utatumia jaribio moja, mawili au matatu, wastani mawili. Ukicheza neno linaloyatenganisha yote, kwa mfano MTOTO, utatumia mawili kila mara. Wastani ni uleule, kwa hiyo amua kwa kuangalia majaribio uliyonayo: yakiwa mawili tu, chukua mchujo, yakiwa matatu au zaidi, fuata moyo wako. Kuanzia manne kwenda juu mchujo unashinda waziwazi. Kutaja moja moja kunakupa wastani wa majaribio mawili na nusu, na mchujo unaotenganisha yote manne unakupa mawili bila kuyumba. Kila familia inavyokuwa kubwa, pengo hilo linapanuka.

Mpaka hapa nimezungumzia namna ya kujiokoa shimoni. Lakini shimo lenyewe ulilichimba jaribio moja nyuma, na hapo ndipo pana mambo zaidi ya kujifunza.

Baada ya BARUA ulikuwa unajua kwamba A iko nafasi ya pili na ya tano, kwamba B imo lakini si ya kwanza, na kwamba R na U hazimo. B basi ni ya tatu au ya nne. Nimekaa nikaandika maneno ya kawaida yanayotimiza masharti hayo, nikapata kumi na moja: kamba, pamba, mamba, namba, gamba, tamba, lamba, tabia, labda, kabla na haiba. (Kamusi nene itaongeza mengine, likiwemo moja ambalo sitaliandika hapa kwa adabu.)

Weka KAMBA juu ya orodha hiyo uone mafungu yake. Kamba yenyewe iko peke yake. Pamba, mamba, namba, gamba, tamba na lamba zote zinarudisha K kijivu na kijani nne, hilo ni fungu la maneno sita. Tabia na labda zinafanana, kwa sababu katika zote mbili B ni ya tatu na wewe umeiweka ya nne, na hakuna herufi nyingine inayozitofautisha. Kabla inajitenga kwa K kijani. Haiba inajitenga kwa B kijani bila M. Jumla mafungu matano, na kubwa lao lina maneno sita kati ya kumi na moja. Ndilo uliloangukia, wala si ajabu: zaidi ya nusu ya orodha ilikuwa humo.

Sasa weka MKATE. Nililifikia hivi. Kwanza nilitazama ni herufi zipi zinayagawa maneno haya, si zipi ninazozijua. A haigawi kitu, imo kwa yote kumi na moja na mahali palepale. B nayo inagawa kidogo tu. M ndiyo herufi ya thamani: imo kwa saba na haimo kwa manne, kwa hiyo peke yake inakata orodha karibu katikati. K imo kwa mawili, kamba na kabla, na uzuri wake ni kwamba moja lina M na jingine halina. T ni vilevile kwa tamba na tabia. Nikatafuta neno lenye M, K na T, likaja lenyewe.

Rangi zake ni hizi. M ikiwa kijani, jibu ni mamba, kwa sababu hilo pekee linaanza na M. M njano pamoja na K njano ni kamba. M njano pamoja na T njano ni tamba. M njano bila hizo ni pamba, namba, gamba au lamba. M ikiwa kijivu na K njano, ni kabla. M kijivu na T njano, ni tabia. Zote tatu zikiwa kijivu, ni labda au haiba. Mafungu saba, na kubwa lina maneno manne. A ya katikati itatoka njano kila mara na E itatoka kijivu kila mara, hazina kazi yoyote, nafasi mbili zimepotea bure. Hata hivyo herufi tatu zilizobaki zimetosha.

Kwa jibu lako la siku ile, NAMBA, MKATE ingekuacha na lile fungu la manne. Unaweka PENGO: P ni pamba, N ni namba, G ni gamba, kimya ni lamba. Jaribio la nne umemaliza. Nimepitia maneno yote kumi na moja kwa njia hii na hakuna hata moja linalovuka jaribio la nne. Matano yanaisha kwa hakika kwenye la tatu, na labda au haiba moja huisha la tatu na jingine la nne, kutegemea utaanza na lipi. Wastani ni karibu tatu na nusu.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kwa sababu kinahesabika kwa vidole. Idadi ya mafungu ndiyo idadi ya maneno ambayo unaweza kuyamaliza kufikia jaribio linalofuata, maana katika kila fungu utachagua neno moja la kutaja. KAMBA ina mafungu matano, basi kufikia jaribio la tatu una nafasi 5 kati ya 11. MKATE ina saba, basi una 7 kati ya 11, ingawa MKATE yenyewe haiwezi kuwa jibu na KAMBA inaweza. Hapo ndipo watu hushangaa. Ile nafasi ya kupatia papo hapo kwenye jaribio la pili imo ndani ya yale matano, na bado inashindwa.

Kipimo cha pili ni ukubwa wa mabaki unayotarajia. Usihesabu wastani wa kawaida wa mafungu, kwa sababu fungu kubwa linakupata mara nyingi zaidi kuliko dogo. Zidisha kila fungu kwa ukubwa wake lenyewe, jumlisha, kisha gawa kwa idadi ya maneno. Kwa KAMBA ni 1 + 36 + 4 + 1 + 1, yaani 43 kugawa kwa 11, karibu maneno 3.9. Kwa MKATE kuna mafungu matano ya neno moja, moja la manne na moja la mawili, yaani 5 + 16 + 4, ambayo ni 25 kugawa kwa 11, karibu 2.3. Ile 36 ndiyo inayoua KAMBA. Fungu moja nono linaharibu kazi ya mengine yote.

Wapo wanaoangalia tu fungu kubwa na kuchagua neno linalolifanya liwe dogo kadiri inavyowezekana. Donald Knuth alifanya hivyo mwaka 1977 kwa mchezo wa Mastermind, ule wa kukisia vigingi vinne vya rangi sita. Mipangilio iko 1,296, naye alionyesha kwamba kwa njia hiyo makisio matano yanatosha daima. Ndani ya njia yake kuna hatua ambapo kisio bora ni mpangilio ambao mchezaji anajua hauwezi kuwa jibu. Ndiyo MKATE na PENGO hizo, kwa rangi badala ya herufi. Kwa orodha fupi kama yetu vipimo hivi karibu vyote vinakubaliana, na vikitofautiana tofauti ni ndogo mno kukusumbua. Ila vikilingana, chagua neno ambalo linaweza pia kuwa jibu.

Kuhusu neno la kuanzia sitasema mengi, maana ndilo linalozungumzwa zaidi na kwa maoni yangu lina uzito mdogo kuliko jaribio la pili. BARUA si neno baya, lakini angalia lilikupa nini. A ni herufi inayojirudia mno katika maneno yetu, na karibu kila neno letu linaishia kwa vokali, mara nyingi hiyohiyo A. Kijani ya A mwishoni inafurahisha macho lakini haikuondolei maneno mengi, kwa kuwa ulikuwa unaitarajia. Kinachotokea mara nyingi hakina habari nyingi. BARUA imeweka A mbili, ya pili ikiwa mahali ambapo hata bila kuuliza ungekisia A. Neno lenye konsonanti tatu na vokali mbili tofauti huchambua vizuri zaidi kwa kawaida. Konsonanti ndizo zinazotofautisha maneno ya familia moja, na ndizo ulizokosa uliponaswa kwenye AMBA.

Mpangilio wa silabi zetu nao unaweka kikomo. Neno la herufi tano mara nyingi lina konsonanti tatu tu, kama PENGO au MKATE, kwa sababu vokali lazima ziingie kati. Kwa hiyo katika familia ambayo maneno yanatofautiana kwa herufi moja tu ya mwanzo, mchujo mmoja utakupa mafungu manne, si zaidi. Familia ya maneno manane itahitaji michujo miwili au mmoja na bahati kidogo. Hii ndiyo sababu ya kuiona familia mapema, ukiwa bado na majaribio ya kutumia.

Jambo moja linalowachanganya wengi wakifanya hesabu hii ni herufi inayojirudia. Mchezo hupaka kijani kwanza, kisha njano kwa herufi zilizobaki kwa idadi iliyomo katika jibu, na si zaidi. Ulipoandika MAMBA na jibu ni NAMBA, M ya tatu ilikuwa kijani na M ya kwanza kijivu. Kijivu ile haikusema kwamba M haimo. Ilisema hakuna M ya pili. Vivyo hivyo, M ya mbele katika MKATE haitoki kijivu kwa pamba. Inatoka njano, kwa kuwa M iko nafasi ya tatu. Ukisahau hilo utapanga mafungu vibaya na mchujo wako utakupeleka upande mwingine. Kwa maneno kama mamba, yenye herufi ambayo familia nzima inayo, njia ya kulitambua ni kuiweka M pale mbele na kungoja kijani.

Kama unacheza kwa hali ngumu, ile inayokulazimisha kutumia tena kila herufi uliyoipata, yote niliyosema kuhusu MKATE na PENGO hayaruhusiwi. Hapo mambo yanabadilika kabisa. Baada ya BARUA ningeandika KABLA badala ya KAMBA. KABLA inatenga kamba, lamba, labda na tabia kila moja peke yake, inaacha pamba, mamba, namba, gamba, tamba na haiba pamoja. Fungu kubwa bado ni la maneno sita, lakini haiba itajionyesha mara tu utakapotaja PAMBA, kwa hiyo hata ukitaja moja moja ni neno moja tu linaloweza kukuponyoka, dhidi ya mawili kwa njia ya KAMBA. Ni nafuu, si tiba. Katika hali ngumu kijani ya mapema ni deni. Kila herufi iliyokaa mahali pake inakufunga mkono mmoja, na anayecheza hivyo huanza na neno linalochunguza konsonanti, akiomba njano zaidi ya kijani.

Mwisho, orodha yako ya mabaki haitakuwa kamili kila siku, na mchujo wote unasimama juu yake. Mimi nimeandika kumi na moja. Mchezo wenye kamusi pana unaweza kuwa na wamba pia, na pale PENGO inaporudi kimya baada ya MKATE, mimi nitasema lamba na kukosea. Dalili ya orodha fupi ni moja: rangi zinarudi ambazo haziendani na neno lolote uliloandika. Zikirudi hivyo, kwanza hakikisha hukusoma rangi vibaya, hasa kwenye herufi inayojirudia. Kama hukukosea, pitia alfabeti yote kwenye nafasi iliyo wazi, herufi kwa herufi, kabla ya kuandika chochote. Kinyume chake, usiyape maneno yote uzito sawa. Michezo mingi huchagua majibu kutoka orodha fupi ya maneno yanayojulikana na kukubali makisio kutoka orodha ndefu zaidi. Kati ya lamba na wamba, nikibaki na jaribio moja, naandika lamba bila kufikiri mara mbili. Nikiwa na mawili, naandika lamba vilevile.